Barua ya Kamati kwa Msanifu wa Bango: Uhakiki wa Waraka Mdogo

Wanafunzi wetu huhakiki nyaraka za Mitume kwa bidii. Huuliza ni nani aliyeandika, aliwaandikia akina nani, na kwa haja gani. Maswali hayo hayo hatuyaulizi tunapoandika barua zetu wenyewe katika ofisi za sharika, kana kwamba barua ya kamati si maandishi ya kanisa. Katika kurasa hizi tunakusudia kuisoma barua moja ya namna hiyo kwa uangalifu ule ule. Iliandikwa na Kamati ya Maandalizi ya usharika mmoja, ambao hatutautaja, kwa kijana aliyejitolea kusanifu bango la kuadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa. Kamati imeturuhusu kuitumia. Twainukuu yote, kwa kuwa ni fupi.

«16 Oktoba 2017. Ndugu yetu mpendwa katika Kristo. Yah: Bango la Jubilei ya Matengenezo. Bwana Yesu asifiwe. Kamati, katika kikao chake cha tarehe 2 Septemba, ilifurahi kusikia kwamba umejitolea kututengenezea bango la Jubilei. Tunamshukuru Mungu kwa kipawa alichokupa. Tunaomba liwe bango kubwa, la mita 3 kwa 1, litakalotundikwa mbele ya kanisa. Liandikwe aya ya Waefeso 2:8, jina la usharika, jimbo na dayosisi, mwaka, na maneno ya kukaribisha wageni kama utakavyoona inafaa. Picha ya Dakta Martin Luther iwepo, pamoja na nembo ya waridi, na ikiwezekana picha ya jengo letu. Rangi ziwe za kuvutia. Kwa kuwa unajitolea hatupendi kukubana sana. Tunaamini Roho Mtakatifu atakuongoza. Tunaomba liwe tayari mapema kabla ya sikukuu. Bwana akubariki. Mwenyekiti. Katibu.»

Kwa mtazamo wa kwanza barua hii haina kasoro. Ina salamu, ina shukrani, ina kipimo, ina maneno na ina muda. Ni ya upole kuliko barua nyingi zitokazo katika ofisi zetu. Lakini bango lililozaliwa nayo lilitundikwa Jumamosi jioni, tarehe 28 Oktoba, na mchungaji alipolitazama aliona kwamba neno «neema» halimo. Chini ya tamko fupi la wokovu kwa imani yaliandikwa waziwazi maneno «Waefeso 2:8», ilhali neno lililo kiini cha aya hiyo lilikuwa limeachwa. Asubuhi ya sikukuu kijana yule alilaumiwa mbele ya wazee. Sisi twadhani lawama ilimwendea asiyestahili, na barua yenyewe yaonyesha ni kwa nini.

Tuanze na ukubwa. «Mita 3 kwa 1» ni kipimo, lakini hakisemi ni upande upi utakaokaa juu. Bango la mita 3 laweza kulala kama ubao wa darasani, au kusimama kando ya nguzo kama pazia. Zaidi ya hayo, barua yasema litatundikwa «mbele ya kanisa». Msomaji na ajiulize maneno hayo yana maana gani katika lugha yetu. Mzee aliyezoea kuketi katika benchi husema «mbele ya kanisa» akimaanisha madhabahuni. Mtu aliyesimama barabarani husema maneno hayo hayo akimaanisha barazani, kwenye mlango mkuu. Kamati ilikusudia barazani, kati ya nguzo mbili, ili wapita njia wasome. Kijana alielewa kuwa ni ndani, juu ya madhabahu, ambako msharika wa benchi la katikati yuko hatua chache tu kutoka ukutani. Kila upande ulikuwa na hakika, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa maana umbali wa msomaji ndio unaoamua ukubwa wa herufi, na ukubwa wa herufi ndio unaoamua idadi ya maneno. Mafundi wa mabango wana kanuni ya makadirio ambayo yafaa kila katibu aijue: ili mtu asome bila kukaza macho, kila mita 3 za umbali zahitaji kama sentimita 2.5 za kimo cha herufi. Tulikwenda wenyewe tukapima kwa hatua kutoka ukingo wa barabara hadi nguzo za baraza, tukapata kama mita 24. Hiyo ni mara nane ya mita 3. Basi herufi zahitaji kimo cha sentimita 20. Katika bango lenye kimo cha mita 1, ukiacha pambizo juu na chini pamoja na nafasi kati ya mistari, herufi za sentimita 20 zatoshea mistari mitatu na si zaidi. Upana wa herufi moja, kwa wastani, ni kama sehemu saba za kumi za kimo chake, yaani sentimita 14. Ukiacha pambizo za pembeni, mstari mmoja wachukua herufi 18 hivi, na mistari yote mitatu herufi 54, nafasi kati ya maneno zikiwa zimehesabiwa humo.

Sasa aya ya Waefeso 2:8, katika tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inayosomwa na wengi wetu, ina herufi na nafasi karibu 110. Ni mara mbili ya zile zinazowezekana, hata kabla ya kuweka jina la usharika, jimbo, dayosisi, mwaka, makaribisho na picha tatu. Kwa maneno mengine, kamati iliagiza kitu kisichoweza kuwako. Haikujua hivyo, kwa sababu haikuhesabu. Aliyejua ni kijana, usiku, mbele ya kazi yake. Hata kwa umbali mfupi wa ndani ya kanisa, alipokwisha kuweka picha tatu na majina yote aliyoagizwa, aya haikuenea. Ilimlazimu kukata. Na kwa kuwa barua ilimruhusu kupanga maneno «kama utakavyoona inafaa», alikata aya.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapotaka kutua. Ruhusa ile, ukiisoma katika sentensi yake, yahusu maneno ya makaribisho tu. Lakini sentensi ni ndefu, ina koma nyingi, na ruhusa imewekwa mwisho kabisa, hata msomaji aweza kuielewa kuwa yatawala orodha yote. Kijana aliielewa hivyo. Akabakiza sehemu iliyoonekana kwake kuwa ya Kilutheri zaidi, yaani imani, na kuacha neno ambalo hakuwa na nafasi nalo.

Hatusemi kwamba maneno yaliyobaki ni uzushi. Mtume mwenyewe mahali pengine asema kwa ufupi juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Lakini Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 4, halikuridhika na ufupi huo. Lataja kwamba twahesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani, na limechagua viunganishi vyake kwa makini: Kristo ndiye sababu, imani ndiyo njia. Lugha yetu ina kiunganishi kimoja chepesi, «kwa», kinachobeba maana zote mbili. Ukiondoa neema na kubakiza imani, mpita njia hana namna ya kujua kama imani ni mkono unaopokea au ni tendo jema linalolipwa. Mafundisho hayo yalichongwa kwa sababu ya upungufu wa sentimita, na aliyeyachonga si mchungaji, si baraza la wazee, bali mtu aliyekuwa na rula mkononi na ambaye hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akifanya theolojia.

Kosa la pili katika maneno ni dogo kwa sura. Barua yataja aya lakini haitaji tafsiri, wala haikuyaandika maneno yenyewe. Kutaja namba ya aya ni desturi yetu sote, kwa kuwa tuna Biblia kichwani. Msanifu hufanya kazi na herufi. Amhitaji mtu wa kumwandikia kila neno, kila koma na kila herufi kubwa, kwa mkono wa mwenye dhamana, ili yeye anakili tu. Mahali ambapo kamati huandika namba na kuacha maneno, ndipo huingia tafsiri isiyotarajiwa, na ndipo jina la dayosisi hukosewa, na hili la mwisho tumeliona zaidi ya mara moja.

Tuseme machache juu ya muda. «Mapema kabla ya sikukuu» si tarehe. Sikukuu iliangukia Jumanne, tarehe 31 Oktoba, lakini usharika uliiadhimisha Jumapili tarehe 29. Turudi nyuma kutoka hapo. Kutundika ni Jumamosi tarehe 28. Duka la kuchapa mjini lilihitaji siku mbili za kazi, na siku moja ya akiba kwa umeme unaokatika. Basi kazi iwafikie Jumanne tarehe 24. Kabla ya hapo mchungaji asome rasimu na kuirudisha, tuseme Jumatatu tarehe 23, kwa hiyo rasimu imfikie Jumamosi tarehe 21. Barua ni ya tarehe 16 na ilipokelewa kesho yake. Kijana, aliye na ajira yake ya mchana, alibaki na siku nne. Na barua yenyewe, bila kukusudia, yatoa ushahidi dhidi ya wenyewe walioiandika: kikao kilikuwa tarehe 2 Septemba. Wiki sita zilipotea katika faili la katibu, kisha upungufu wote wa muda ukahamishiwa kwa mtu wa mwisho katika mstari. Kwa kuwa hakuna tarehe ya kuonyesha rasimu, hakuna aliyeiona rasimu. Mchungaji aliliona bango kwa mara ya kwanza likiwa juu ya ngazi.

Yabaki sentensi ambayo wengi wataiona kuwa nzuri kuliko zote: «Kwa kuwa unajitolea hatupendi kukubana sana, tunaamini Roho Mtakatifu atakuongoza.» Hatuna shaka na moyo ulioiandika. Katika desturi zetu ni aibu kumwekea masharti mtu asiyelipwa, na barua isiyo na masharti huonekana kuwa ya heshima. Lakini tutazame kazi inayofanywa na sentensi hiyo. Kamati haikukubaliana katika kikao chake ni maneno gani yawekwe. Kila mjumbe alitaja lake, na yote yakaandikwa. Uamuzi mgumu, yaani kuchagua na kuacha, ulikuwa bado haujafanyika. Sentensi yaukabidhi kwa kijana, na kuuita uhuru.

Wanaotaja uongozi wa Roho katika jambo hili yawapasa wamsome Bezaleli. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 31, chasema kwamba alijazwa roho ya Mungu katika hekima na kila kazi ya ustadi. Hata hivyo sura ya 26 haikumwachia yeye mapazia ya maskani. Yalikuwa kumi, kila moja la urefu wa dhiraa 28 na upana wa dhiraa 4, lenye kipimo kimoja na mengine. Hata vitanzi vya kuyaunganisha vilihesabiwa, 50 kwa 50, na vifungo 50 vya dhahabu. Fundi aliyejazwa Roho hakuambiwa afanye kama atakavyoona inafaa katika kipimo. Ustadi wake ulikuwa katika kufuma, na huko hakuna aliyemfundisha. Kamati yetu iligeuza mambo. Iliacha kipimo na maneno wazi, kisha ikamwekea msanifu masharti mahali ambapo kipawa chake kilihitajika: picha hii, nembo hii, picha ile.

Kuhusu gharama ya kuchapa, barua imenyamaza kabisa. Kijana alilipa mwenyewe, akirejeshewa baadaye sehemu. Hatutaongeza neno.

Wapo watakaosema kwamba twaidai barua ndogo mambo makubwa. Basi tulinganishe na barua nyingine ndogo, inayohusu nembo ile ile iliyoagizwa katika bango. Tarehe 8 Julai 1530 Luther alikuwa katika ngome ya Coburg. Asingeweza kwenda Augsburg kwa kuwa alikuwa chini ya marufuku ya dola, na Ungamo lilikuwa limesomwa huko siku kumi na tatu kabla. Lazarus Spengler, katibu wa halmashauri ya mji wa Nuremberg, alikuwa amemwuliza kama muhuri wake umechorwa sawasawa. Luther angeweza kujibu kwamba anamwamini fundi. Badala yake alitaja kitu baada ya kitu, kutoka katikati kwenda nje: msalaba mweusi; ndani ya moyo wenye rangi yake ya asili; moyo ndani ya waridi jeupe; waridi katika uwanja wa rangi ya mbingu; na kuuzunguka uwanja, pete ya dhahabu. Kila rangi aliipa sababu. Msalaba ni mweusi kwa kuwa hufisha na huumiza, lakini moyo haupotezi rangi yake, kwa kuwa msalaba hauharibu maumbile bali huhuisha. Waridi ni jeupe, si jekundu, kwa kuwa weupe ni rangi ya roho na malaika. Pete haina mwisho, na dhahabu ni madini yenye thamani kuliko yote.

Mtu aliyeisoma barua ile hawezi kukosea nembo, hata kama hajapata kuiona. Na akilazimika kuirahisisha kwa ajili ya muhuri mdogo, ajua ni kitu gani kisichoguswa, kwa sababu ameambiwa kila kitu kinasema nini. Katika bango letu msalaba ulichapwa mweupe, ili uonekane vizuri juu ya moyo mwekundu. Kwa jicho la msanifu huo ulikuwa uamuzi mzuri. Barua ilisema tu «nembo ya waridi», na rangi «za kuvutia».

Haifai mhakiki abomoe bila kuandika chochote. Tuliketi na katibu wa kamati ile, mtu mnyenyekevu aliyetupokea vizuri, tukajaribu kuiandika barua upya kama ingeandikwa tarehe 4 Septemba, siku mbili baada ya kikao. Tulichelewa zaidi katika maneno. Hesabu ya herufi ilikuwa imetuonyesha kwamba aya nzima haiwezi kusomwa kutoka barabarani, na hakuna aliyekubali kuikata. Mwishowe katibu mwenyewe ndiye aliyesema: basi tuandike neno moja, na namba ya aya, mtu akasome nyumbani. Hii ndiyo barua tuliyoipata.

«4 Septemba 2017. Ndugu yetu mpendwa katika Kristo. Yah: Bango la Jubilei ya Matengenezo. Bwana Yesu asifiwe. Tunakushukuru kwa kujitolea kwako. Bango litatundikwa nje, barazani, kati ya nguzo mbili, likiielekea barabara. Msomaji atakuwa umbali wa mita 24. Nafasi kati ya nguzo ni mita 3 kamili; kwa hiyo bango liwe na upana wa mita 2.5, ili kamba zipate nafasi ya kuvutwa kila upande, na kimo cha mita 1. Liwe na pindo na pete za chuma katika pembe nne na katikati ya kila upande. Maneno ni haya tu, kama yalivyoandikwa hapa. Mstari wa kwanza: NEEMA, herufi za kimo cha sentimita 40. Mstari wa pili: Waefeso 2:8-9, sentimita 20. Mstari wa tatu: jina la usharika na miaka 1517-2017, sentimita 8, kwa ajili ya wanaoingia mlangoni. Rangi ya bango ni nyekundu, ambayo ni rangi ya sikukuu, na maandishi meupe. Nembo ya waridi iwe kushoto, kwa rangi alizozitaja Luther. Zimeandikwa nyuma ya barua hii. Picha nyingine zisiwepo. Mpangilio, aina ya herufi na namna ya kuweka nafasi ni juu yako, wala hatutaviingilia. Tuonyeshe rasimu Jumamosi tarehe 30 Septemba. Atakayeisoma na kuitia sahihi ni mchungaji peke yake. Utapata jibu Jumatatu tarehe 2 Oktoba. Bango lifike ofisini Ijumaa tarehe 20 Oktoba. Gharama ya kuchapa italipwa na usharika moja kwa moja kwa duka. Ukikwama, mwulize katibu. Bwana akubariki.»

Barua hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na baridi kidogo. Mjumbe mmoja alilalamika kwamba yafanana na hati ya mkandarasi. Tulimpelekea kijana yule aisome. Aliisoma mara mbili, akasema kwamba kwa barua hii angemaliza kazi kwa jioni mbili. Kisha akauliza jambo ambalo sisi na katibu hatukulifikiri: hizo nguzo ni za matofali au za mbao, na kamba itafungwa kwenye nini? Katibu alichukua kalamu, akatoka kwenda barazani kutazama.